Jina Bila Ushahidi Si Jibu: Kusoma Picha ya Hadubini ya Elektroni

Katika mitihani ya biolojia ya seli, ya kidato cha sita na ya vyuo vya afya, hutokea mara kwa mara swali la namna moja. Mtahiniwa huwekewa picha ya kijivu iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, mistari mitano yenye herufi A hadi E, na agizo fupi: taja sehemu zilizooneshwa. Mtahiniwa huandika maneno matano. Msahihishaji huweka tiki au alama ya kosa, kisha hufungua ukurasa unaofuata. Hakuna aliyeuliza mtahiniwa ameona nini hata akafikia jina hilo.

Hoja ya makala haya ni kwamba swali la namna hiyo hupima kumbukumbu na kuacha kupima macho, na kwamba linapaswa kubadilishwa. Kila jina liandikwe pamoja na dalili iliyoonekana pichani, na alama zigawanywe kati ya viwili hivyo. Tena, jina lisivuke kile ambacho picha inaweza kuthibitisha. Mtahiniwa wa leo ndiye atakayesoma kioo cha damu kesho na kuandika ripoti ambayo mgonjwa atatibiwa kwayo. Akizoea kuandika jina kabla ya kuona dalili, mazoea hayo hayataishia katika chumba cha mtihani.

Hoja hii inamgusa zaidi mwanafunzi wa mahali kama Malolo, kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, jirani na wilaya ya Nachingwea, kuliko mwanafunzi anayekaa jirani na maabara kubwa. Wa Malolo hana njia ya kuiona hadubini yenyewe. Seli anaijua kwa mchoro wa kitabuni wenye rangi: kiini zambarau, mitokondria nyekundu, utando wa kijani. Siku ya mtihani analetewa picha isiyo na rangi hata moja, pengine nakala ya nakala. Mchoro alioukariri na picha iliyo mbele yake havifanani, naye hakufundishwa daraja la kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine. Daraja hilo lipo, na halihitaji mtambo. Linahitaji rula na utaratibu.

Kipimo kwanza, jina baadaye

Rangi za kitabuni hutiwa na mchoraji. Hadubini ya elektroni haina rangi ya kutoa, kwa sababu haitumii mwanga bali elektroni, na picha yake ni kivuli tu. Kipande cha seli hutibiwa kwa metali nzito, yaani osmiamu, urani na risasi. Mahali metali hizo zinaponata, elektroni huzuiwa na picha hutoka nyeusi. Mahali zisiponata, elektroni hupita na picha hutoka nyeupe. Osmiamu hushika sana mafuta, na tando za seli zimejengwa kwa mafuta. Ndiyo maana tando huonekana kama mistari myeusi. Mwanafunzi anayejua hilo tu huacha kutafuta rangi na kuanza kufuata mistari.

Lakini kabla ya mistari kuna jambo la kutangulia, nalo ni kipimo. Pembeni mwa picha nzuri huwekwa mstari mfupi wenye maandishi, kwa mfano 1 µm, yaani maikromita moja, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tuseme mstari huo, ukipimwa kwa rula, una urefu wa milimita 20. Milimita 20 ni maikromita 20,000. Kwa hiyo picha imekuzwa mara 20,000. Tuseme tena kitu kilichooneshwa kwa herufi C kina upana wa milimita 12 na urefu wa milimita 30. Ukigawanya kila kimoja kwa 20, unapata upana wa maikromita 0.6 na urefu wa maikromita 1.5.

Hesabu hiyo ndogo inafuta majibu kadhaa kabla ya kufikiri lolote jingine. Kiini cha seli ya binadamu kwa kawaida huwa na kipenyo cha maikromita 5 hadi 10. Katika picha hii kingekuwa na milimita 100 hadi 200, yaani kingejaza ukurasa au kuuvuka. C haiwezi kuwa kiini. Ribosomu ina nanomita 25 hivi, nayo hapa ingekuwa nukta ya nusu milimita. C haiwezi kuwa ribosomu. Mitokondrioni huwa na upana wa kati ya nusu maikromita na maikromita moja, na urefu unaozidi hapo. C inaingia humo barabara. Jina bado halijathibitishwa, lakini mlango wa makosa makubwa umefungwa. Mtahiniwa anayeandika kiini kwa kitu cha maikromita 0.6, kwa kuwa tu ni cha mviringo na kina weusi ndani, hajakosa elimu ya seli. Amekosa kushika rula.

Hapa upo mtego unaostahili kusemwa wazi kwa watunga mitihani. Baadhi ya picha hazina mstari wa kipimo, zina maandishi tu: ×20,000. Maandishi hayo ni ya kweli kwa picha ya asili peke yake. Ikipunguzwa na mashine ya kunakilia hadi asilimia 70, upana wa C unakuwa milimita 8.4, lakini maandishi yanabaki yaleyale. Mtahiniwa mwaminifu akigawanya kwa 20,000 atapata maikromita 0.42, nalo ni jibu la uongo ambalo hakulitunga yeye. Mstari wa kipimo haudanganyi hivyo, maana nao hupungua pamoja na picha: milimita 20 zinakuwa 14, na 8.4 ikigawanywa kwa 14 inarudisha 0.6 ileile. Picha ya mtihani isiyo na mstari wa kipimo haifai kutolewa.

Kipande kimoja cha muhogo

Kosa la pili kwa ukubwa linatokana na kusahau kwamba picha si seli nzima. Elektroni haziwezi kupenya kitu kinene, kwa hiyo seli hukatwa vipande vyembamba mno, kwa kawaida vya nanomita 60 hadi 90. Tukichukua nanomita 75, seli yenye kipenyo cha maikromita 10 hutoa vipande zaidi ya 130, na picha inaonesha kimoja tu kati ya hivyo.

Anayemenya muhogo hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ukiukata kwa kuukingama, unapata duara. Ukiukata mshazari, unapata yai. Ukiupasua kwa urefu wake, unapata kipande kirefu. Muhogo ni uleule. Ndivyo ilivyo kwa mitokondria: katika picha moja utaona ya mviringo, ya umbo la yai na ndefu kama kidole, na zote zikawa za aina moja. Mwanafunzi aliyekariri umbo la kitabuni huitambua ile ndefu peke yake, kisha zile za mviringo huzipa majina mengine, lisosomu au vakuoli, kwa kuwa hazifanani na mchoro wake. Anayeuliza upana badala ya umbo hapotei, kwa sababu ile ndefu na ile ya mviringo hukaribiana kwa upana.

Kutoka hapo huja onyo jingine. Seli ikikatwa pembeni mwa kiini, picha haitaonesha kiini. Mtahiniwa anayeandika kwamba seli hii haina kiini, kwa hiyo ni chembe nyekundu ya damu, amechukua ukimya wa kipande kimoja akaufanya ushahidi wa seli nzima. Jibu sahihi ni kwamba kiini hakionekani katika kipande hiki. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo kwa sikio na kubwa kwa mgonjwa. Mtaalamu wa maabara aliyepima damu na asione vimelea vya malaria huandika kwamba vimelea havikuonekana. Haandiki kwamba mgonjwa hana malaria. Anayejifunza kutenganisha kauli hizo kwenye picha ya seli amejifunza pia namna ya kuandika ripoti.

Mfano wa swali moja hadi mwisho

Chukua picha ileile yenye mstari wa milimita 20 kwa maikromita moja, na herufi zake tano. Picha ina upana wa milimita 160, yaani inaonesha maikromita 8 za seli, hivyo isitarajiwe kuonesha kila kitu kwa ukamilifu.

A iko pembeni kabisa, na ni sehemu tu ya umbo kubwa lililokatwa na ukingo wa picha. Mpaka wake ni mistari miwili inayokwenda sambamba, na hapa na pale mistari hiyo inakutana na kuacha pengo dogo. Mapengo hayo ni vitundu. Hakuna oganeli nyingine yenye utando maradufu wenye vitundu vya namna hiyo. A ni kiini, na dalili ni utando maradufu wenye vitundu. Ndani yake upo weusi uliokusanyika kwa mabonge ukingoni. Mabonge hayo yaitwe kromatini, wala si kromosomu, kwa sababu kromosomu hujikaza na kuonekana moja moja wakati seli inapogawanyika tu.

B ni mistari mirefu iliyopangwa sambamba, kama matuta ya shamba, na juu ya kila mstari zimeshikamana nukta nyeusi. Kila nukta ina nusu milimita hivi, yaani nanomita 25: hizo ni ribosomu. B ni retikulamu ya endoplazimu yenye mparuzo, na mparuzo wenyewe ndizo nukta hizo. Zikikosekana nukta, na badala ya mistari mirefu vikawapo vijiduara na vijibomba vingi, ingekuwa retikulamu laini. Hapa mtunga mtihani ana wajibu wake. Nukta ya nusu milimita ndiyo kitu cha kwanza kufutika katika nakala mbaya. Picha ikifika Malolo bila nukta hizo, mwanafunzi anayejibu retikulamu laini amesoma sawasawa kile alichopewa, na kumnyima alama ni kumwadhibu kwa kosa la mashine. Kila picha ikaguliwe katika hali itakayomfikia mtahiniwa, wala si kwenye kioo cha kompyuta ya aliyeitunga.

C imekwisha kupimwa. Sasa mistari yake: nje kuna tando mbili, na ule wa ndani umejikunja na kuingia katikati kama vidole au rafu. Mikunjo hiyo huitwa krista. Upana wa maikromita 0.6, utando maradufu, na utando wa ndani wenye mikunjo: dalili hizo tatu kwa pamoja zinatosha. C ni mitokondrioni.

D ni rundo la vifuko bapa vitano hivi, vilivyolaliana na kupinda kidogo, bila nukta juu yake, na pembeni mwake vimetawanyika vifuko vidogo vya mviringo. Wengi huichanganya na B, kwa kuwa zote ni mistari sambamba. Zipo tofauti tatu: D haina ribosomu, rundo lake ni fupi tena limejipinda, na vifuko vidogo vimeizunguka kwenye ncha. D ni mwili wa Golgi.

E ni duara jeusi la milimita 8, yaani maikromita 0.4, lenye utando mmoja na weusi usio sawia ndani. Karibu kila mtahiniwa ataandika lisosomu, na karibu kila msahihishaji atampa alama. Hapo ndipo hoja ya makala haya inapokuwa nzito kuliko kwingine kote.

Mahali picha inaponyamaza

Lisosomu haikugunduliwa kwa picha. Christian de Duve, raia wa Ubelgiji, aliitambua kwa njia ya kemia: alisaga seli za ini, akazitenganisha kwa mashine ya kuzungusha, akapima vimeng'enya, na mwaka 1955 akaipa jina kutokana na kazi yake ya kumeng'enya. Jina la lisosomu, kwa hiyo, ni jina la kazi, na kazi haionekani kwenye kivuli. Duara jeusi lenye utando mmoja linaweza kuwa lisosomu, linaweza kuwa kifuko cha protini inayosubiri kutolewa nje, tena linaweza kuwa peroksisomu. Ili kuzitofautisha kwa uhakika, wataalamu hutumia rangi inayoonesha mahali kimeng'enya kilipo, kisha ndipo hupiga picha.

Jibu la E linalolingana na ushahidi ni hili: kifuko chenye utando mmoja na vitu vyeusi ndani, yamkini lisosomu. Neno yamkini halioneshi woga wa mtahiniwa. Ni sehemu ya jibu, na mwongozo wa kusahihisha unapaswa kulipa alama. Mwongozo unaokubali lisosomu tupu na kukataa yamkini lisosomu humfundisha kijana kwamba uhakika wa kujifanya una thamani kuliko ukweli uliopimwa.

Afrika ya Mashariki inayo habari yake inayothibitisha jambo hili. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, ugonjwa ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt na ambao huonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi. Mwaka 1961 alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti aliyeshuku kwamba ugonjwa huo una virusi ndani yake. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Epstein aliviangalia kwa hadubini ya elektroni kwa muda mrefu, na hakuona kirusi.

Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipofika London kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwenye haraka angesema bakteria wameingia, akakitupa. Epstein alichukua tone akaliangalia kwa hadubini ya kawaida, akakuta kwamba uchafu ule ni seli za uvimbe zenyewe, zimejitenga na zinaelea zikiwa hai. Seli hizo zikaoteshwa, na mapema mwaka 1964 zikakatwa na kuangaliwa kwa hadubini ya elektroni. Katika seli chache zilionekana chembe zenye ukubwa wa nanomita 100 hivi, zilizo karibu na umbo la pembe sita, nyingine zikiwa na kiini cheusi katikati na nyingine zikiwa tupu.

Kile walichoandika ndicho cha kuzingatiwa. Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwezi Machi 1964, na kichwa cha makala yao kilitaja chembe za virusi katika limfoblasti zilizooteshwa kutokana na limfoma ya Burkitt. Hakikusema kwamba kisababishi cha saratani kimepatikana. Ukubwa na umbo vilionesha kwamba chembe hizo ni za jamii ya herpesi, na picha haikuweza kusema zaidi ya hapo. Kwamba kirusi hicho ni kipya, tofauti na herpesi zilizokwisha kujulikana, kulithibitishwa baadaye kwa uchunguzi wa kingamwili uliofanywa Philadelphia na Werner na Gertrude Henle. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, na kinajulikana kuwa kimeenea duniani kote, hata kwa watu wasiopata uvimbe huo kamwe. Iwapo wale watatu wangeandika kisababishi mwaka 1964 kwa kuona chembe peke yake, wangekuwa wamesema kitu ambacho picha haikuwaambia.

Mtahiniwa wa kidato cha sita hatafuti kirusi kipya. Lakini hatua zake ni zilezile: kupima, kueleza umbo, kutaja jamii, na kuacha wazi kile ambacho kinahitaji kipimo kingine.

Jina lenyewe liandikwe sawa

Kuona sawasawa hakutoshi ikiwa jina linaandikwa vibaya. Makosa ya majina si mengi, nayo hujirudia.

La kwanza ni umoja na wingi. Mitokondria ni nyingi. Moja ni mitokondrioni. Mstari wa herufi C ukigusa moja, jibu ni mitokondrioni. Maneno haya yametoka katika Kiyunani, lugha ambayo mwanafunzi hakuisoma, na umbo lake la wingi halifuati kanuni ya Kiswahili wala ile ya kawaida ya Kiingereza ambacho mtihani huandikwa nacho. Kwa sababu hiyo msahihishaji mwenye busara hatamnyima kijana alama nzima kwa herufi mbili za mwisho. Lakini mwalimu mwenye busara zaidi atamfundisha mapema ili jambo hilo lisiwe la kuomba huruma.

La pili ni ncha ya mstari. Mstari wa A ukiishia kwenye mpaka, kinachoulizwa ni utando wa kiini. Ukiingia ndani, ni kiini chenyewe au kromatini. Ukigusa lile doa jeusi la mviringo lililomo ndani ya kiini, ni nukleolasi. Mstari wa C ukiishia kwenye mkunjo, jibu ni krista, wala si mitokondrioni. Mtahiniwa auangalie mstari hadi ncha yake, na mtunga mtihani auchore ukiwa na ncha inayoonekana.

La tatu ni ukuta na utando. Seli ya mnyama haina ukuta, ina utando. Neno ukuta kwa Kiswahili cha kila siku ni chochote kinachozingira, na mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza hulihamisha bila kujua. Ukuta wa seli ni wa mimea, kuvu na bakteria wengi, na unene wake huonekana pichani nje ya utando. Asiyeuona asiutaje.

La nne ni dogo: Golgi ni jina la mtu, Camillo Golgi, daktari wa Italia aliyeeleza umbo hilo mwaka 1898. Huanza kwa herufi kubwa popote linapoandikwa.

Pingamizi na jibu lake

Atakuwepo wa kusema kwamba mhudumu wa afya wa zahanati ya kijijini hatashika picha ya hadubini ya elektroni maisha yake yote, na kwamba kumdai dalili kwa kila jina ni kumwongezea mzigo usio na faida. Pingamizi hilo lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba picha yenyewe hataikuta kazini. Lakini kama hivyo ndivyo, basi kukariri majina matano ya picha ndiko kusiko na faida kuliko yote, maana majina hayo hatayatumia. Kinachobaki naye ni mwenendo: pima kabla ya kutaja, sema ulichoona, usifanye kutokuonekana kuwa kutokuwepo, na pale ushahidi unapoishia andika kwamba umeishia.

Wapo pia watakaosema kwamba kusahihisha sababu huchukua muda kuliko kusahihisha neno. Ni kweli, na suluhisho ni kupunguza herufi. Swali lenye herufi tatu, kila moja ikiwa na alama moja ya jina na moja ya dalili, lina alama sita na husahihishwa kwa muda usiozidi sana ule wa herufi tano. Aliyekisia jina atapata nusu. Aliyeona dalili akasahau jina naye atapata nusu, na hiyo ni haki yake, kwa sababu jina analolisahau leo atalisoma kitabuni kesho, ilhali jicho lisilofundishwa haliponywi na kitabu.

Mgonjwa anayesoma makala haya anayo sehemu yake pia. Ripoti ya maabara au ya kipande cha nyama iliyochunguzwa ikiwa na maneno kama yamkini, inalingana na, au haikuonekana, asidhani kwamba mtaalamu hakujua kazi. Maneno hayo yanamwambia mahali ushahidi ulipofika na kipimo gani kinafuata, na amuulize daktari wake kipimo hicho ni kipi. Ripoti ya kutiliwa shaka ni ile inayotaja jina kubwa bila kusema kilichoonekana.